Usifungue chupa ya chanjo kwenye boma lenye mdondo

Mchanjaji mpya wa kijiji huitwa mara nyingi wakati kuku wameshaanza kufa. Mwenye kuku anakupigia simu alfajiri: watatu wamekufa usiku, njoo na dawa. Wewe una chanjo mkobani, naye anakungoja mlangoni. Kazi ya kwanza ya kujifunza ni kuacha chupa hiyo ikiwa imefungwa.

Mdondo, wengine huuita kideri, husababishwa na kirusi. Kuku akishakipata, dalili hutokea kati ya siku 2 na 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6. Chanjo nayo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Ukichanja boma ambalo kuku wameshaanza kufa, wengi wa wanaoonekana wazima wameshakibeba kirusi, nao watakufa siku chache baadaye, kabla chanjo haijafanya kazi yoyote. Kijiji hakitasema kuwa walikuwa wameambukizwa tayari. Kitasema chanjo imeua kuku, na msimu unaofuata hutafunguliwa banda hata moja. Isitoshe, kuwakamata kuku mmoja mmoja kwa mikono ileile ni njia nzuri ya kumpelekea ugonjwa yule mmoja aliyekuwa amesalimika.

Jambo la pili ni kutosubiri shingo. Kila mtu anaujua mdondo kwa shingo iliyopinda, kuku anatazama juu au nyuma na kuzunguka mahali pamoja. Lakini hiyo ni dalili ya kuchelewa: hujitokeza zaidi kwa waliovuka siku za mwanzo, kirusi kikaingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kirusi kikiwa kikali, kundi lisilochanjwa linaweza kupoteza kuku 9 kati ya 10, na wengi hufa kabla shingo haijapinda.

Chukua mfano wa boma lenye kuku 30 wa kienyeji ambao hawajawahi kuchanjwa. Jumamosi mwenyewe ananunua jogoo mnadani na kumwachia moja kwa moja kundini. Ijumaa inayofuata mitetea wawili wamejikunyata, mabawa yameshuka, hawakimbilii pumba. Jumamosi asubuhi mmoja amekufa kwenye kichanja akiwa na kishungi cha rangi ya zambarau, na chini yake kuna kinyesi cha kijani kibichi, chepesi kama maji. Jumapili wamekufa 4, wengine wanahema kwa mdomo wazi na kukoroma. Jumatatu 8. Shingo ya kwanza unaiona Jumanne au Jumatano. Aliyeingoja hiyo shingo amepoteza siku nne, na katika siku hizo huenda ameshauza kuku watano sokoni ili asipate hasara yote, yaani ameshapeleka mdondo kwenye maboma mengine matano.

Kwa hiyo angalia mwendo wa vifo. Mdondo huua kuku wa umri wote, na idadi hupanda kila siku. Mahepe pia hulemaza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, lakini huchukua mmoja leo na mwingine wiki ijayo, tena mara nyingi kuku wachanga. Homa ya matumbo na kipindupindu cha kuku vinaweza kukuchanganya kwa sababu navyo huleta kuhara na vifo vya ghafla, ila hivyo ni vya bakteria. Mafua makali ya ndege hayatofautishwi na mdondo kwa macho, hivyo vifo vingi vya ghafla lazima viripotiwe kwa afisa mifugo wa kata, hata kama una uhakika na unachokiona. Uthibitisho ni wa maabara. Nchini Tanzania ni Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, makao yake Temeke na vituo kwenye kanda. Mzoga uliokufa saa chache zilizopita, ukifungwa mifuko miwili na kuwekwa kwenye barafu, unafaa. Uliolala juani hadi jioni haufai. Na usimpasue kuku uani ili kutafuta vidoa vya damu juu ya firigisi. Utamwaga kirusi mahali ambapo vifaranga wanaparua.

Kuhusu dawa, utaulizwa tu. Antibayotiki haiui kirusi. Shubiri na pilipili vilivyolowekwa kwenye maji havijawahi kuzuia mlipuko, japo kila boma lina mtu atakayeapa kuwa vilimsaidia. Waliopona huwa wangepona hata bila hivyo, na baadhi yao hubaki na shingo iliyopinda maisha yao yote.

Cha kufanya siku hiyo ni hiki. Waliobaki wafungiwe, wasitoke kabisa, na wanaoonekana wagonjwa watengwe mbali na wazima. Hakuna kuku, yai, mbolea wala trei inayotoka bomani. Mizoga ichomwe, au izikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawafukui, na chokaa inyunyizwe juu kabla ya udongo. Kuichinja na kuigawa kwa majirani, au kutupa manyoya na matumbo jalalani, ndiko kunakosambaza mlipuko kijiji kizima kwa wiki moja. Bata na njiwa wafungiwe pia. Bata hubeba kirusi bila kuonyesha chochote.

Usafi wa banda una mpangilio wake, na wageni wengi huugeuza. Kwanza kwangua kinyesi na matandiko yote, vichomwe. Kisha osha kwa maji na sabuni. Baada ya hapo ndipo upige jiki, kwa sababu klorini huishia nguvu kwenye uchafu kabla haijakifikia kirusi. Kwa jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji hukupa mchanganyiko wa karibu asilimia 0.5. Iache ilowe angalau dakika 10, halafu acha banda likauke na kupigwa jua. Kuku wapya wasiingie kabla ya siku 21 kupita tangu kifo cha mwisho. Mwezi mzima ni bora zaidi, maana kinyesi kilicho kivulini hukitunza kirusi kwa muda mrefu. Nawe mwenyewe, ukitoka hapo, osha mikono na viatu, badili nguo, na usiingie boma lingine siku hiyo. Usijifute macho: kirusi hiki kinaweza kumletea binadamu macho mekundu kwa siku kadhaa.

Chanjo yako sasa ina kazi, lakini kwingine, kwenye maboma ambayo bado hayajaguswa. Bora achanje mwenzako ambaye hajakanyaga boma la wagonjwa. Mkikosa mtu, subiri kesho yake, na uanzie maboma ya mbali zaidi ukisogea karibu. Waeleze wenye kuku mapema kwamba aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa hata akichanjwa. Maneno hayo yakisemwa kabla ni maelezo. Yakisemwa baada ya kuku kufa yanageuka kuwa kisingizio.

Chanjo inayofaa kijijini ni ya I-2, ambayo TVLA huitengeneza kwa jina la TEMEVAC. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, ila hilo lisikupe kiburi: isafirishwe penye ubaridi, isipigwe na jua, na ikishachanganywa itumike siku hiyohiyo. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, dozi ileile kwa kifaranga na kwa jogoo mzee.

Makosa mengi hutokea kwenye kuchanganya. Ikiwa chupa imekuja na kitone chake cha kudondoshea na maelekezo ya kiasi cha maji, fuata hayo. Ukitumia kitone kingine, kipime kwanza. Vuta mililita 1 ya maji kwa sirinji, tia kwenye kitone, halafu hesabu matone yanayotoka kitone kikiwa kimesimama wima. Tuseme ni 30. Kwa chupa ya dozi 100 unagawa 100 kwa 30, unapata mililita 3.3 za maji. Kitone kinachotoa matone 20 kwa mililita kitahitaji mililita 5. Ukitia mililita 5 halafu ukatumia kile cha matone 30, utapata matone 150, na kila kuku atapata theluthi mbili tu ya dozi yake. Utafurahi kuona chupa moja imechanja kuku wengi, na miezi miwili baadaye kuku hao watakufa wakiwa "wamechanjwa".

Maji yawe yamechemshwa jana yake na kupoa yakiwa yamefunikwa, si ya bomba lenye klorini, maana klorini huua chanjo. Sirinji na kitone vichemshwe, visioshwe kwa sabuni wala jiki. Chanjo ni kirusi hai. Kinachoua cha banda kinaua na cha chupani.

Maboma yapange usiku uliotangulia: la kuku 40, la 28 na la 22, jumla 90, chupa moja ya dozi 100 yatosha na ziada kidogo ya matone yatakayoanguka. Waambie wenyewe wasifungulie kuku asubuhi hadi ufike. Wakishatoka, nusu hutawapata.

Mtu mmoja amshike kuku mabawa yakiwa yamebanwa, amlaze ubavu, jicho moja litazame juu. Wewe shika kitone wima, kwa sababu kikiinama tone hubadilika ukubwa. Kisiguse jicho. Dondosha tone moja, kisha ngoja hadi apepese na tone lienee. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: wanaachia haraka, kuku anatikisa kichwa, tone linaishia shavuni. Ukiona shavu limelowa, rudia.

Kundi ambalo halijawahi kuchanjwa lirudiwe baada ya wiki 3 au 4, halafu kila miezi minne. Wengi hufuata Januari, Mei na Septemba, na awamu ya Mei ndiyo usiikose, maana mdondo mara nyingi hushika kasi kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi. Mgeni yeyote anayeletwa kati ya awamu hizo, hata awe zawadi ya harusi, atengwe wiki mbili hadi tatu na achanjwe siku anapofika.

Kwenye daftari lako usiandike "boma la pili, 28". Andika waliochanjwa 23, na 5 waliokosa: jogoo aliyepanda mwembe, mtetea anayeatamia stoo, vifaranga watatu waliokimbilia vichakani. Hao 5 ndio utakaowafuata jioni wakiwa wamelala, kwa chanjo iliyobaki ya asubuhi hiyo, iliyokaa siku nzima kivulini ikiwa imefungwa kitambaa kilicholowa maji.