Regyuleta ya mzani wa mzinga

"Nipo Tabora, napima uzito wa mzinga wa nyuki kwa mikrokontrola na betri ya volti 12. Regyuleta ya volti 5, 7805, inaunguza kidole, ila nikiweka regyuleta ya kuswichi namba za uzito zinayumba. Niweke ipi?"

Mkuu, weka aina zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Tuseme bodi inakula miliampea 150. 7805 inageuza volti 7 zote zinazozidi kuwa joto, yaani 7 × 0.15, wati 1 na ushee, na betri inakunufaisha kwa asilimia 42 tu.

Regyuleta ya kuswichi kama LM2596 haipotezi hivyo, lakini inakata na kuunga umeme mara 150,000 kwa sekunde. Ishara ya mzani ni milivolti chache, kwa hiyo kelele hiyo inaimeza kirahisi.

Izungushe skrubu LM2596 itoe volti 6, halafu badala ya 7805, inayodai volti 2 za ziada, funga LM2940 ya volti 5. Hapo joto ni wati 0.15, na betri inatoa takriban miliampea 95. Usisahau kapasita ya mikrofaradi 22 kwenye mguu wa kutolea, bila hiyo LM2940 nayo huyumba. Koili ya LM2596 ikae mbali na waya za mzani.