Hangova ina saa yake: kwa nini dawa za asubuhi haziiondoi

Kuna asubuhi niliamka saa kumi alfajiri nikiwa mzima kabisa. Kichwa chepesi, tumbo limetulia. Nikashukuru nikarudi kulala. Nilipoamka tena saa mbili, sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Mwanga wa dirishani uliniumiza macho, moyo ulikwenda mbio na vidole vilitetemeka. Kati ya saa kumi na saa mbili sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Imekuwaje basi nizidiwe wakati pombe inazidi kupungua? Swali hilo lilinisumbua mpaka nilipochukua kalamu nikapiga hesabu, na tangu siku hiyo sijaiamini tena dawa yoyote ya asubuhi.

Jioni ile nilianza kunywa saa moja, bia tano za nusu lita, kila moja ikiwa na kilevi asilimia 5. Bia ya namna hiyo ina kilevi kitupu cha karibu gramu 20, kwa hiyo nilikunywa gramu 100. Sasa, ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Tuseme 8. Kasi hiyo haiongezeki kwa kuwa umekunywa zaidi, wala kwa kuwa unahitaji kuwahi mahali. Gramu 100 zinahitaji saa 12 na nusu, yaani pombe yangu iliisha karibu saa moja na nusu asubuhi. Saa kumi alfajiri, nilipojiona mzima, bado nilikuwa na gramu zipatazo 28 mwilini, zaidi ya bia nzima. Sikuwa nimepona. Nilikuwa bado nimelewa.

Hangova huanza pombe inapokaribia kuisha kwenye damu, na hukolea pale inapofika sifuri. Kinachouma ni yale ambayo pombe iliyafanya mwilini usiku kucha, na sasa hakuna ulevi wa kuyafunika.

La kwanza liko kwenye ubongo. Pombe hutuliza mishipa ya fahamu, nao ubongo haukubali kutulizwa bure: hujikaza upande wa pili ili usizimike. Pombe inapoondoka ghafla, ule mkazo hubaki peke yake. Ndiyo sababu ya mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, mwanga na kelele kuuma, na ile hofu isiyo na jina ambayo wengi huiita majuto. Usingizi nao ulikuwa umeharibika. Pombe hukulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakuamshaamsha, hivyo saa nane za kitandani hazikuwa saa nane za kupumzika.

La pili liko kwenye kinga ya mwili. Ini huigeuza pombe kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, halafu kuwa asetati, isiyo na madhara makubwa. Wengi huitupia asetaldehidi lawama zote, lakini kwa watu wengi huwa imeshaondoka kwa sehemu kubwa hangova inapokolea. Inayoendelea ni kinga iliyoamshwa. Inamwaga kwenye damu kemikali zilezile inazomwaga ukiwa na mafua makali, na unajisikia hivyohivyo: mwili mzito, kichefuchefu, akili nzito, hamu ya chakula hakuna. Ongeza na tumbo ambalo ngozi yake ya ndani imechubuliwa na pombe na kuchochewa kutoa asidi nyingi.

Ukishaelewa hayo, utaona kwa nini maji hayamalizi kazi. Ni kweli pombe huizuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo maana unakojoa sana na kuamka na kinywa kikavu. Kunywa maji, kiu itakwisha na kinywa kitalainika. Lakini upungufu wa maji ni tatizo moja linalokwenda sambamba na hangova, siyo chanzo chake. Maji hayaitulizi kinga iliyoamka wala hayarudishi usingizi. Kahawa itakufumbua macho tu, na kwa mtu ambaye moyo tayari unakwenda mbio na tumbo linawaka, inaweza kumzidishia. Kuoga maji baridi kunakuchangamsha dakika chache. Ini halioni bomba la bafuni. Chakula cha mafuta mengi nacho kimechelewa: chakula husaidia kabla ya kunywa, kwa sababu tumbo lenye chakula huipitisha pombe polepole kuelekea utumbo mdogo, ambako nyingi hufyonzwa. Asubuhi pombe ilishafyonzwa zamani.

Kuzimua ndiko kunakostahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo dawa pekee ambayo mtu huiona ikifanya kazi. Unakunywa kidogo asubuhi, na kweli mtetemo unakoma. Ule ubongo uliokuwa umejikaza umepata tena kile ulichokuwa ukikisukuma. Kuna jambo la pili pia. Vinywaji vingi, hasa vya rangi nzito kama brandi, hubeba masalia ya uchachushaji, pamoja na methanoli kidogo sana. Ini huishughulikia methanoli kwa kimeng'enya kilekile kinachoshughulikia pombe ya kawaida, ila hutanguliza pombe. Ikiisha ndipo methanoli inapogeuzwa kuwa formaldehidi na asidi ya fomiki, ambazo ni sumu. Ukizimua, unairudisha methanoli nyuma ya foleni. Foleni haijafutika, na gramu 20 mpya zimeongeza karibu saa mbili na nusu kwenye hesabu. Unalipa baadaye siku hiyohiyo.

Mbona basi kila mtu ana dawa yake anayoiapia? Angalia saa. Watu humeza dawa pale wanapoumia zaidi, yaani hangova ikiwa kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka tu. Ungekunywa ndimu, supu au usinywe chochote, jioni ungekuwa nafuu. Sifa inakwenda kwa kilichokuwa kwenye kikombe. Ndiyo maana dawa hupimwa kwa kulinganisha na kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Uchambuzi wa majaribio ya namna hiyo uliochapishwa mwaka 2005 haukukuta dawa yenye ushahidi wa kuridhisha, na mwingine wa mwaka 2022, uliopitia majaribio 21, ulikuta ushahidi wa kiwango cha chini sana.

Kwa vidonge niwe mwangalifu. Aspirini na ibuprofeni hupunguza kichwa kuuma, lakini hulichubua tumbo ambalo tayari limechubuliwa. Parasetamoli haichubui tumbo, ila kwa mtu anayekunywa sana mara kwa mara ini lake huigeuza kwa wingi zaidi kuwa sumu huku akiba ya kuizima sumu hiyo ikiwa imepungua. Mimi siku hizi hunywa maji, hula kitu laini tumbo likikubali, na kulala. Siendeshi gari asubuhi ile kabla sijapiga hesabu yangu ya gramu, na hata ikifika sifuri, nikiwa bado mzito, nabaki nyumbani.

Nilikuwa na rafiki aliyezimua kila asubuhi kwa miaka. Hali yake sote tuliiita hangova. Siku alipoamua kuacha ghafla alianguka kifafa siku ya pili. Mikono inayotetemeka kila siku mpaka mtu anywe si hangova. Ni mwili uliozoea pombe, na kuiacha kwa mpigo kunaweza kuua. Mtu wa hivyo asizimue wala asijikaze peke yake. Apelekwe hospitali aachishwe chini ya uangalizi, na dawa za kuzuia kifafa hicho zipo.