Saa ya kikao ipangwe Moshi, na ipangwe alfajiri

Swali la wiki: "Ndugu zako wametawanyika mabara matatu. Kikao cha familia kinapoitishwa, nani akeshe?"

Nilipolisoma swali hili jibu lilinijia papo hapo: akeshe aliyeondoka. Sisi tuliobaki Kibosho ndio tunaofuatilia migogoro ya mipaka, ndio tunaopeleka wazee kliniki, na ndio tunaosimama makaburini kila Jumamosi. Kwa hiyo sioni ajabu ndugu aliyeko ughaibuni akiamka usiku mara moja kwa mwezi. Hata hivyo, yaliyotupata mwezi Machi 2024 hayakutokana na kukesha wala kulala. Yalitokana na namna saa inavyotangazwa, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kaka yangu anaishi Minneapolis na mdogo wetu wa kike ni muuguzi Melbourne. Kwa miezi kadhaa kikao chetu kilifanyika kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, saa mbili usiku za hapa. Kwa wazee ulikuwa wakati mzuri, maana ng'ombe wameshalishwa na kata ya mbege imeshazunguka. Miezi ya baridi ya Marekani, kaka alikuwa anaingia saa tano asubuhi kwake. Mdogo wetu alikuwa anaingia saa kumi alfajiri ya Jumapili, na hakuna aliyemuuliza anavyojisikia, kwa kuwa hakuwahi kulalamika.

Kikao cha tarehe 16 Machi kilihusu kipande cha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, upande wa chini karibu na mfereji, ambacho mtoto wa marehemu mjomba alikiomba ili ajenge. Jambo la namna hiyo haliamuliwi bila kaka mkubwa. Siku hiyo kaka aliingia kwenye simu saa tano kamili asubuhi kama kawaida yake, akakuta hakuna mtu. Alisubiri dakika arobaini akiwa ameshavaa sare ya kazi, kisha akafunga simu na kuondoka kwenda zamu ya mchana. Sisi tulikaa saa mbili kamili usiku, tukampigia mara nne bila kupokelewa, na baba mdogo akasema kwamba asiyekuja amekubali. Masale, mimea inayotuonyesha mpaka, yakahamishwa Jumatatu yake.

Kaka alipopata habari alituma ujumbe wa sauti ambao sitaurudia hapa. Aliamini tumemtega. Sisi nasi tuliamini kwamba amedharau kikao na sasa anatafuta kisingizio, na jani la sale, ambalo kwetu Wachaga ndilo la kuombea msamaha, halitumwi kwa simu. Hadi Pasaka, tarehe 31 ya mwezi huohuo, hakuwa anazungumza na baba mdogo. Aliyegundua kosa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye alichukua karatasi akaandika saa za miji yote mitatu kwa tarehe ya Februari na kwa tarehe ya Machi.

Kumbe Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 10. Kuanzia siku hiyo, saa mbili usiku ya Moshi haikuwa tena saa tano asubuhi ya Minneapolis, bali saa sita mchana. Sisi Tanzania hatusogezi saa, kwa hiyo hapa hapakuwa na la kutushtua. Kaka alikuwa ameweka kikao kwenye kalenda ya simu yake kwa saa za Minneapolis, kijirudie kila mwezi saa tano asubuhi, na simu ikafanya vile ilivyoagizwa. Alifika saa moja kabla yetu, na saa ya kila mmoja wetu ilikuwa sahihi.

Melbourne nao wana mwendo wao, unaokwenda kinyume. Hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Aprili, kwa sababu kwao ndipo baridi inapoanza, na huisogeza tena mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Marekani hurudisha yao Jumapili ya kwanza ya Novemba. Matokeo yake, tofauti kati ya kaka na mdogo wetu ilikuwa saa 17 mwezi Februari, ikawa 16 baada ya tarehe 10 Machi, na ikawa 15 baada ya tarehe 7 Aprili. Anayepanga kikao akihesabu kutoka kwa mmoja wao anajenga juu ya kitu kinachotembea. Kati ya mabara yetu matatu, ni Moshi pekee isiyosogea.

Kwa sababu hiyo sasa kikao kinaingizwa kwenye kalenda na mtu mmoja aliyeko hapa, kwa ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, ambao kwenye simu nyingi hujitokeza kwa jina la Nairobi. Hao wawili wanapokea mwaliko tu, wala hawajiandikii wao, na simu zao hugeuza saa zenyewe. Juu ya hilo tunatuma ujumbe wenye siku na saa ya kila mji, kwa tarakimu za saa 24, maana watoto wa kaka wakisoma "saa mbili" wao huona mbili ya Kizungu. Ujumbe wa Januari huwa hivi:

```
Moshi:       Jumamosi 06:00
Minneapolis: Ijumaa   21:00
Melbourne:   Jumamosi 14:00
```

Hapo mtakuwa mmeona kwamba saa yenyewe imebadilika. Tulijaribu kwanza saa tisa alasiri. Kwa kaka ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na kwa mdogo wetu saa tano usiku, jambo ambalo lingevumilika, lakini Jumamosi mchana huku kwetu ni maziko, na mara mbili mfululizo tulikuwa makaburini wakati wao wametukalia kwenye simu. Saa kumi na mbili asubuhi hakuna maziko. Kaka huwa ameshakula chakula cha jioni, na hata katikati ya mwaka, saa zao zinapokuwa zimebadilika, haizidi saa nne usiku kwake na saa saba mchana Melbourne. Wazee wetu tangu saa kumi na moja wako macho wakikata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo mimi niliyeanza kwa kusema akeshe aliyeondoka, naona sasa kwamba wa kuamka mapema ni sisi, na kwamba kwetu si taabu kubwa.

Nasema hivi kwa familia yangu tu. Mwenye ndugu London na Toronto hana haja ya alfajiri, kwa sababu saa mbili usiku ya hapa huwakuta wote wawili mchana au jioni, ila achunge wiki za Machi, kwa kuwa Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho wakati Kanada imeshasogeza wiki mbili au tatu kabla. Na mdogo wetu anapokuwa kwenye zamu ya mchana mwishoni mwa wiki, tunaahirisha.

Kaka alisamehe, ingawa masale hayakurudishwa. Asiyeridhika ni baba mdogo, anayesema kwamba kikao cha alfajiri bila mbege ni sawa na kuitwa na mwalimu mkuu, na hoja hiyo bado sijapata namna ya kuijibu.

Msomaji, Kibosho, Moshi