Kidonge cha kufunga tumbo: maswali kutoka Pemba

"Nimeharisha tangu jana. Dukani nimepewa kidonge cha kufunga tumbo na kweli kimefunga. Mbona hospitali wamenigombeza?" Mvuvi, Mkoani

Bwana, inategemea ulikuwa unaharisha nini. Kidonge hicho ni loperamaidi, ndugu wa mofini. Kinashika vipokezi vile vile ambavyo mofini inavishika, ila chenyewe kinaishia kwenye ukuta wa utumbo. Utumbo unapunguza kusukuma, na maji yanapata muda wa kufyonzwa. Mdudu hakimuui, wala sumu yake hakiizimi.

Mtu mzima anayeharisha maji matupu, bila homa wala damu, anaweza kukitumia kwa siku mbili: viwili vya miligramu 2 kwa kuanzia, kisha kimoja kila baada ya choo cha maji, visizidi vinne kwa siku bila amri ya daktari.

Ukiona damu kwenye choo, au una homa kali, usikiguse. Kuhara kunakokuudhi ndiko kunakomtoa mdudu anayekula ukuta wa utumbo. Ukimfungia ndani, utumbo unaweza kupooza na kutanuka. Utajua hivi: choo kimekoma, lakini tumbo limejaa, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma, upepo hautoki, na unatapika. Hapo nenda hospitali usiku huo huo. Kwenye kipindupindu kuna hatari nyengine. Maji yanaendelea kumwagika ndani ya utumbo hata yasipotoka nje, kwa hivyo anayehesabu safari za chooni anajiona amepona kumbe anazidi kukauka.

"Mwanangu ana mwaka mmoja na kilo 9. Anaharisha, macho yamebonyea. Bibi yake anasema tumpasulie nusu kidonge." Mama, Wete

Hata robo usimpe, mama. Kwa mtoto wa umri huu dawa hiyo inaweza kupenya hadi kwenye ubongo, akasinzia na pumzi ikapungua, na utumbo wake unapooza upesi. Mwambie bibi kwa heshima zote, lakini kidonge kitoke nyumbani.

Macho kubonyea maana yake maji yameshapungua mwilini. Mpeleke kituo cha afya, na uanze kumnywesha maji ya ORS njiani. Hesabu yake ni mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Kwa kilo 9 ni mililita 675, yaani karibu chupa moja na theluthi ya zile za nusu lita. Mpe kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Ziwa asikatishwe. Kituoni watampa na zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Akilegea hata hawezi kunywa, hapo ni dripu, msikae mkisubiri.

"Nimekosa kumaliza pakiti ya ORS, nikaichanganya kidogo kidogo kwenye kikombe. Na dafu je, si linatosha?" Msomaji, Chake Chake

Kosa la kikombe nalisikia kila wiki dukani kwangu. Pakiti ya lita moja inamiminwa yote mara moja kwenye lita moja ya maji safi: jaza chupa mbili za nusu lita, umalize. Soma pakiti kwanza, maana zipo na za nusu lita. Ikiwa kali mno inavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni, na kuhara kunazidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Dafu ni zuri kwa kiu, lakini chumvi yake ya sodiamu ni ndogo. Siri ya ORS ni kipimo: sukari na sodiamu zinaingia kwa mlango mmoja wa utumbo na maji yanazifuata, na mlango huo haufungwi hata na kipindupindu.

"Nimevunjika mguu, natumia kodeini, na siku ya tano sijapata choo. Ninywe sanamaki?" Mzee, Micheweni

Shikamoo mzee. Unaweza, kama tumbo haliumi sana wala hutapiki, na upepo unatoka. Kodeini imekufanyia kile kile ambacho loperamaidi imemfanyia mvuvi wa Mkoani. Utumbo uliotulizwa hivyo unataka kuamshwa, na sanamaki au bisakodili ndiyo kazi yake: kunywa usiku, asubuhi utakwenda. Laktulosi inavuta maji ndani ya utumbo na kulainisha choo, ila inachukua siku moja hadi tatu, kwa hivyo anza nayo sambamba. Ispaghula, ile ya makapi inayovimba kwa maji, iache. Inaongeza mzigo, na utumbo wako kwa sasa hausukumi.