Chaja ikitoa volti nyingi, pima mrejesho wake kabla ya kuichomeka ukutani

Mteja aliniletea chaja iliyoandikwa volti 5, ampea 2. Simu ilikuwa inakataa kuchaji. Nilipopima mdomo wa USB nikasoma volti 7.4. Zamani ningekimbilia kubadilisha optokapula, nichomeke, nipime, nibadilishe kingine, nichomeke tena. Kila mara mikono ingekuwa karibu na umeme unaoua. Siku hizi kosa la namna hii nalitafuta chaja ikiwa imechomolewa, na ninakushauri ufanye hivyo.

Kwanza elewa kinachoendelea ndani. Umeme wa ukutani wa volti 230 unapita kwenye dayodi na kuwa umeme mnyoofu wa takriban volti 325, unaotunzwa kwenye kapasita kubwa. Swichi ya transista inaufungulia na kuukatia koili ya kwanza ya transfoma maelfu ya mara kwa sekunde. Transfoma hii ya fulaibeki haipitishi nishati papo hapo kama ile ya kawaida. Swichi ikipitisha umeme, mkondo unapanda na nishati inalimbikizwa kwenye kiini cha feraiti, hasa kwenye kapengo kadogo kilichoachwa humo makusudi, huku dayodi ya upande wa pili ikiwa imezuia. Swichi ikiachia, volti ya koili inageuka, dayodi inafunguka, nishati inamwagika upande wa simu.

Pande hizo mbili hazina waya unaoziunganisha, na usalama wa anayeshika simu inayochaji unategemea hilo. Sasa swichi iko upande wa moto, yaani wa ukutani, volti 5 ziko upande wa baridi, yaani wa simu. Swichi inajuaje kwamba volti zimetosha? Inaambiwa kwa mwanga, na habari hiyo ndiyo mrejesho. Ndani ya optokapula kama PC817 kuna taa ndogo upande wa baridi na transista inayoihisi upande wa moto. Volti zikizidi, taa inawaka zaidi, na saketi inayoendesha swichi inapunguza nishati ya kila mzunguko.

Anayeamua taa iwake lini ni TL431, chipu ndogo ya miguu mitatu. Mguu wake wa rejea hulinganishwa na volti 2.5 zilizomo ndani yake, nao hupata volti kutoka kwa rezista mbili zinazogawa volti za kutokea:

```
Vout = 2.5 × (1 + R1/R2)
```

R1 inatoka kwenye chanya, R2 inakwenda kwenye hasi. Kwenye chaja hii zote ziliandikwa kiloomu 10, kwa hiyo 2.5 × 2 inaleta 5.

Nikatoa chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista ya kiloomu 10, wati 5, kisha nikapima hadi mita ikasoma sifuri. Usiruke hatua hiyo hata kama chaja imechomolewa tangu asubuhi. Halafu nikaunganisha pawasaplai ya mezani kwenye mdomo wa USB, chanya kwa chanya, nikiwa nimeizuia isizidi miliampea 50. Mita ikawa kati ya mguu wa kathodi wa TL431 na hasi ya upande wa baridi, nami nikapandisha volti polepole kutoka 4.

Kwenye chaja isiyo na kosa, volti zikifika karibu 5, kathodi huporomoka hadi kama volti 2. Hapo TL431 ndiyo inawasha taa. Yangu ilipita 5, ikapita 6, ikaporomoka kwenye 7.4. TL431 ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ila ilikuwa inadanganywa na rezista. Nikaitoa R1 kwenye bodi, maana ikiwa imelehemiwa vitu jirani huharibu kipimo, nikasoma kiloomu 19.6. Weka kwenye fomula: 19.6 ukigawa kwa 10 ni 1.96, ongeza 1, zidisha kwa 2.5, unapata 7.4 kamili.

Kama kathodi ingeporomoka kwenye 5 barabara, ningepima optokapula: transista ya upande wa moto inapaswa kuanza kupitisha wakati huohuo. Optokapula iliyokatika huacha swichi bila habari, na volti hupanda hadi kinga ya ndani izime.

Nilipoweka rezista mpya, kathodi iliporomoka kwenye 5.0. Ndipo nikaichomeka ukutani kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo.

Ukiwa humo ndani, usiguse kapasita ndogo, mara nyingi ya buluu, inayovuka kati ya pande mbili. Imeandikwa Y1 au Y2, na ikihitaji kubadilishwa weka ya alama hiyohiyo. Ya kawaida ikiungua na kushotika, volti za moto zinafika kwenye simu.

Njia hii haifai kwa chaja ndogo zisizo na optokapula. Hizo hupima volti kupitia koili ya ziada upande wa moto, kwa hiyo kuingiza volti kwenye mdomo wa USB hakutakuonyesha chochote.