Kadi ya asante kwa mwalimu wa darasa: andika kile alichomfanyia mwanao

Muhula wa 3 siku hizi unafungwa mapema, mwaka 2024 ulifungwa mwisho wa Oktoba, na wazazi wengi habari ya kadi wanaikumbuka siku ile ile ya kuchukua ripoti, mwalimu kazungukwa na watu hana hata pa kuiweka. Mimi huandika kila mwaka, za wanangu na za majirani pia, wanakuja na karatasi mkononi wananiambia nisaidie kidogo hapa. Na karibu wote wanakwama pahali pamoja.

Nichukue ya jirani yangu mmoja hapa Langoni, Lamu, mwanawe alikuwa Gredi ya 3. Alikuja keshaandika hivi: "Napenda kuchukua fursa hii kukushukuru kwa kazi nzuri na juhudi zako zote kwa mtoto wangu na kwa darasa zima, Mungu akubariki sana." Maneno ya heshima, hayana kosa, lakini kadi hii ukimpa mwalimu wa darasa jingine inamfaa pia, ukimpa wa shule nyingine inamfaa pia. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani akiisoma hajui hata ni kipi alichokifanya kikaonekana. Nikamuuliza.

"Shoga, huyu mwalimu kamfanyia nini mwanao?"

"Kamsaidia sana."

"Kamsaidia nini?"

"Kusoma. Si wamjua alivyokuwa, mbele za watu hafungui mdomo."

"Na sasa?"

"Sasa hanyamazi! Juzi tunakwenda Mokowe, kwenye boti kamsomea nahodha lile tangazo la laifujaketi lote, kwa sauti, abiria wote wamwangalia."

Basi kadi ndiyo hiyo, kaisema mwenyewe na hakuiandika. Ila ilikuwa bado nusu, kwa sababu mama aliyaona matokeo, hakujua mwalimu alipitia njia gani. Hilo anayelijua ni mtoto. Tukamwita, na hapa nawaomba mwangalie namna ya kumuuliza mtoto, ukimwambia "wampenda mwalimu wako?" atakwambia ndio na mazungumzo yataishia hapo. Muulize "ukishindwa kusoma, mwalimu hufanya nini?" Yule mtoto akatuambia wakati wa mapumziko mwalimu alikuwa akimwita mezani kwake na kitabu cha hadithi, mwalimu anasoma mistari miwili na yeye anasoma miwili, wakimaliza ukurasa anamwachia akacheze. Mamake hakuwa na habari, mwaka mzima! Ni mapumziko ya mwalimu hayo, chai yake hiyo.

Mtoto akiwa mkimya au mdogo wa chekechea, chukua madaftari yake uyafungue ya mwanzo wa mwaka na ya sasa uyaweke pamoja. Usitazame alama tu, tazama kalamu nyekundu. Utakuta pahali mwalimu hakupiga mkasi akapita, kamwandikia hesabu upya pembeni hatua kwa hatua, au kamchorea herufi za nukta ili azifuate. Hicho ni kitu cha kuandika kwenye kadi, na mwalimu atajua umefungua daftari kweli.

Tukaandika upya, ikatoka hivi:

"Kwako Mwalimu, salamu. Mwaka huu mwanangu ameanza kusoma kwa sauti mbele za watu. Ameniambia ulikuwa ukimwita mapumzikoni mkasoma mistari miwili miwili. Juzi kwenye boti ya Mokowe alimsomea nahodha tangazo zima na mimi nikakukumbuka. Asante sana, Mwenyezi Mungu akupe afya na akuzidishie kheri."

Chini yake jina la mama, jina kamili la mtoto, Gredi ya 3, na mwaka. Usiandike "Mama Fulani" peke yake, kina mama Fulani ni wengi shuleni, na kadi hizi walimu huziweka, baada ya miaka mingi bila jina la mtoto na mwaka hatajua ni ya nani. Kwenye ile "Mwalimu" tuliweka na jina lake, hapa nimelitoa.

Sisi watu wa pwani barua zetu zina salamu ndefu, hali zetu njema hofu ni kwenu, na dua mpaka mwisho wa ukurasa, na mimi napenda sana barua hizo. Lakini kwenye kadi nafasi ni ndogo, salamu neno moja na dua sentensi moja, katikati umwachie mtoto. Na dua ichague kwa kumwangalia unayempa, walimu wengi huku kwetu wametoka bara na si wote Waislamu, "Mwenyezi Mungu akupe afya" inapokelewa na kila mtu.

Kuna vitu vinaiharibu kadi nzuri kabisa. Cha kwanza ni ombi, ile "na mwakani tafadhali umwangalie kwenye hesabu", hapo mwalimu anaona asante ilikuwa ni njia ya kufikia hilo ombi, hesabu mwendee siku nyingine mzungumze. Cha pili ni kumlinganisha na mwalimu mwingine, "si kama yule wa mwaka jana". Kadi inasomwa stafrumu, inapita mkono kwa mkono, na yule wa mwaka jana pengine kakaa meza ya pili, umemtia mwalimu wako kwenye ugomvi usiokuwa wake. Na pesa usitie ndani ya bahasha hata kama nia yako ni safi. Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma, kuna sheria za zawadi, na bahasha yenye noti mbele ya wenzake inamfanya aonekane amelipwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Kadi bila kitu inatosha.

Pia naona wengine wanairusha kwenye grupu la Watsapu la wazazi. Mimi siipendi hiyo, wazazi wengine wanaona wamelazimishwa kuandika na wao, kunakuja maua na mikono arubaini, na ile habari ya mtoto wako kushindwa kusoma umeitangazia mtaa mzima.

Karatasi usihangaike nayo. Manila ya saizi ya A4 ikunje katikati, unapata kadi, andika ukurasa wa ndani wa kulia, mtoto achore mbele. Andika kwanza kwenye karatasi ya kawaida uone kama inaenea ndipo uinakili. Ukinunua kadi ile ya kung'aa jaribu kalamu nyuma kwanza upitishe kidole, wino wa jeli kwenye karatasi laini haukauki haraka, unapakaa. Biro ya kawaida ni salama zaidi.

Kuipeleka, peleka wiki moja kabla ya kufunga, asubuhi, mtoto aitoe mwenyewe kwa mkono wake. Ukingoja shule zifungwe huenda usimpate, mwaka ule wa 2024 mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 ulianza mara tu baada ya kufunga, walimu wanaitwa kusimamia, wa bara wanaondoka kwenda kwao, na wengine Januari wanakuwa wamehamishwa. Ukiwa umechelewa na keshaondoka, funga bahasha, juu andika jina lake kamili na "mwalimu wa Gredi ya 3" na mwaka, umpe mwalimu mkuu umuombe amfikishie.