Vipande vya kiazi kwenye maji ya sukari: maswali yenu na namna ya kusoma majibu

Maswali ya osmosisi ya kiazi yamekuja mengi na karibu yote yanaishia palepale, mtu kapima vizuri tu ila akifika kwenye kusoma majibu anakwama. Ili tusipotezane nitatumia seti moja ya namba za mfano mpaka mwisho. Chukulia kiazi kimoja, vipande sita vya sentimita 5, unene kama milimita 7, maganda yote yametolewa, kila kimoja kimekaa masaa 4 kwenye mmumunyo wake wa sukari (sukrosi). Namba ya kwanza ni moli kwa lita, halafu gramu kabla, gramu baada, na badiliko kwa asilimia:

0.0: 2.50, 2.95, +18.0
0.2: 2.40, 2.52, +5.0
0.4: 2.60, 2.34, −10.0
0.6: 2.50, 2.00, −20.0
0.8: 2.45, 1.85, −24.5
1.0: 2.55, 1.90, −25.5

Mwalimu kwani lazima asilimia? Mi nimetoa tu uzito wa mwisho kutoa wa mwanzo nikachora grafu, nikakatwa maksi.

Walikukata kwa haki. Vipande havikuanza na uzito mmoja, angalia hapo juu, kuna cha 2.40 na kuna cha 2.60. Kipande kikubwa kina seli nyingi zaidi kwa hiyo kinavuta au kinapoteza maji mengi zaidi hata kama mmumunyo ni uleule. Tuseme kwenye 0.2 ungeweka kipande cha gramu 3.60 badala ya 2.40, kingeongezeka kama gramu 0.18 badala ya 0.12, ukiangalia gramu tu utasema hiki kimevuta maji kwa nguvu zaidi, kumbe vyote viwili ni asilimia 5 ileile. Hesabu yenyewe ni uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawa kwa wa MWANZO, zidisha kwa 100. Kwenye 0.4 ni 2.34 toa 2.60, unapata −0.26, gawa kwa 2.60, zidisha 100, unapata −10. Na hiyo alama ya kutoa usiiache, wengi wanaandika 10 tupu halafu grafu inapanda tena juu na hawaelewi kwa nini.

Nikishachora grafu nasoma nini hasa? Maana hakuna kipande hata kimoja kilichobaki na uzito uleule.

Na si lazima kiwepo, ndo maana tunachora. Weka ukolezi wa sukari kwenye mhimili wa chini na asilimia kwenye mhimili wa kusimama, sifuri ikae katikati ili uwe na nafasi ya juu na ya chini, kisha pitisha mstari laini kwenye nukta zako. Pale mstari unapokata sifuri shuka mpaka kwenye ukolezi usome. Kwa namba zetu unakata kati ya 0.2 na 0.4. Kutoka +5 kwenda −10 ni hatua ya 15, sifuri iko 5 kutoka mwanzo wa hatua, yaani theluthi moja, na theluthi ya 0.2 ni kama 0.07, kwa hiyo unapata karibu 0.27. Huo ndo mmumunyo isotoniki kwa kiazi hiki. Chini ya hapo maji yanaingia kwenye kiazi, juu ya hapo yanatoka.

Ila usiandike 0.267 kana kwamba umeipima. Kati ya 0.2 na 0.4 huna nukta yoyote, umekisia kwa mstari. Ukitaka jibu la kuaminika zaidi rudia ukiwa na 0.20, 0.25, 0.30 na 0.35 tu, hapo ndo kazi iko, kuongeza 1.2 au 1.5 hakukusaidii chochote kuhusu sifuri.

Kwenye hiyo nukta ya sifuri maji yamesimama? Na seli inakuwa imeshapata plazmolisisi au bado?

Maji hayajasimama hata kidogo. Molekuli zinaingia na kutoka muda wote, ila kwa kasi sawa, hivyo uzito haubadiliki. Ukiandika kwenye mtihani kwamba osmosisi imekoma, andika angalau kwamba hakuna mwendo halisi wa maji kwenda upande mmoja.

Na plazmolisisi bado kabisa, hapa ndo watu wengi sana wanachanganya. Uzito kutobadilika maana yake kiazi kimebaki kama ulivyokikata, kama seli zake zilikuwa zimejaa kiasi na zinasukuma ukuta, bado zinausukuma vilevile. Ndo maana pia ile 0.27 si lazima iwe ukolezi wa utomvu wa ndani ya seli. Ukuta unarudisha msukumo na msukumo huo unazuia maji yasiingie, kwa hiyo utomvu unaweza kuwa mzito kuliko mmumunyo wa nje na bado maji yakawa sawasawa pande zote. Plazmolisisi inaanza mbele zaidi, kwenye sukari nzito kuliko hiyo, baada ya msukumo wa seli kwenye ukuta kuisha kabisa.

Majibu yangu ya 0.8 na 1.0 yanakaribia kulingana wakati huku mwanzoni yanashuka vizuri. Nimekosea kupima?

Inawezekana hujakosea popote, na hili ndo swali nilikuwa nalisubiri. Angalia zetu, kutoka 0.2 mpaka 0.4 tumeshuka asilimia 15, kutoka 0.8 mpaka 1.0 tumeshuka asilimia 1 tu. Kipande kinapopoteza maji mwanzoni seli nzima inasinyaa, ukuta wenyewe unarudi ndani maana ulikuwa umetanuliwa kama puto. Ukifika ukubwa wake wa kawaida hausinyai tena sana, lakini maji bado yanatoka, sasa utando wa seli na vilivyomo ndani vinajikunja peke yao na kuachana na ukuta. Hiyo ndo plazmolisisi.

Sasa ile nafasi inayobaki kati ya ukuta na utando ina nini? Si hewa, na si maji matupu, ni mmumunyo wa sukari wa nje, kwa sababu ukuta wa seli unapitisha sukari bila shida, kinachoizuia ni utando. Kwa hiyo maji yanatoka kwenye seli ila mmumunyo unaingia kwenye nafasi hiyo, na wewe unapima vyote pamoja kwenye mizani. Tena mmumunyo wa moli 1.0 ni mzito kuliko maji, kama gramu 1.13 kwa kila sentimita ya ujazo. Mizani inaonyesha upungufu mdogo kuliko maji ambayo seli zimepoteza kweli, na mstari unalala. Waliopima urefu kwa rula wataona hivyohivyo, kipande kinaacha kupungua urefu japo seli ndani zinazidi kujikunja.

Kabla hujaandika maelezo haya yote hakikisha kitu kimoja, vipande havikuelea. Kwenye 0.8 na 1.0 mmumunyo unaweza kuwa mzito kuliko kiazi, kipande kinapanda juu, upande mmoja unakaa nje ya mmumunyo na haupotezi maji inavyotakiwa. Hapo pia mstari unalala lakini si kwa sababu ya plazmolisisi. Kizamishe na kitu kidogo cha kioo, usiache tu.

Niliweka kiazi chini ya darubini kuona plazmolisisi, sioni kitu zaidi ya vidoti vingi. Shida nini?

Hivyo vidoti ni punje za wanga, zimejaa kwenye seli za kiazi na zinakuficha, halafu utando wenyewe hauna rangi. Kwa kuangalia kwa macho tumia ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, ile ya upande wa nje wa tabaka lenye rangi. Rangi iko ndani ya vakuoli, kwa hiyo ukidondoshea mmumunyo wa moli 1.0 utaona lile eneo la rangi linapungua taratibu na kujitenga na ukuta, kwa kawaida linaanzia kwenye kona. Ukiondoa sukari ukaweka maji safi mapema, rangi inarudi kujaza seli, ushahidi kwamba seli bado iko hai na utando wake ni mzima.

Seli iliyochemshwa haifanyi hivyo, utando umeshaharibika. Kwa sababu hiyohiyo kiazi kilichopikwa hakina faida kwenye grafu yako, ila kinafaa kama kipimo cha kulinganishia ukitaka kuonyesha kwamba kazi inafanywa na utando.

Grafu ya kwangu imekaa vizuri lakini inakata sifuri mbali kuliko ya wenzangu, tumetumia kiazi kimoja. Itakuwa nini?

Mimi ningeanza na kukausha. Kama kabla ya kuloweka ulipima vipande vikavu halafu baada ya kuloweka ukavipima vinadondosha maji, umeongeza uzito wa maji ya juujuu kwenye kila kipande. Sema ni gramu 0.05 tu, kwenye kipande cha gramu 2.50 hiyo ni asilimia 2. Pandisha nukta zetu zote kwa 2, +5 inakuwa +7 na −10 inakuwa −8, mstari unakata sifuri karibu na 0.29 badala ya 0.27. Dalili yake ndo hiyo, nukta ZOTE zimepanda kwa pamoja na umbo la grafu halijaharibika. Funika kwa tishu kila upande mara moja kwa wepesi, kabla na baada kwa namna ileile, na usikamue, ukikamua unatoa maji ya ndani na mstari unashuka.

Kama ni nukta moja tu iliyoruka wakati nyingine zimekaa, usilaumu kukausha, angalia kipande chenyewe. Mara nyingi kimebaki na ganda, na ganda la kiazi halipitishi maji kirahisi, au vipande viwili vilikuwa vimelaliana ndani ya chombo. Ukiwa na vipande vitatu kwa kila ukolezi unakiona kilichotofautiana mara moja, unakiacha nje ya wastani na unaandika wazi kwamba umekiacha.

Na kama hata hapo hupati kosa, cheki ulivyotengeneza mmumunyo. Moli 1.0 ni gramu 342 za sukrosi, unaziyeyusha kwenye maji kidogo KISHA unaongeza maji mpaka ujazo ufike lita moja. Anayemwaga gramu 342 juu ya lita nzima ya maji anapata zaidi ya lita 1.2, mmumunyo wake ni kama 0.8 wakati kibandiko kinasema 1.0, na yote aliyopunguza kutoka hapo ni mepesi kwa kiwango hichohicho. Kiazi kileile cha 0.27 kitasomeka kama 0.33 kwake.